Barua ya Kuomba Radhi Isigeuke Desa Jingine: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Sekondari za Kinondoni na Temeke

Kwa walimu wa masomo, walimu wa madarasa na walimu wa nidhamu.

Mwalimu yeyote aliyewahi kupokea barua za kuomba radhi kutoka kwa wanafunzi, awe anafundisha Bunju au Mbagala, Tegeta au Chamazi, anaijua sura yake hata kabla hajaifungua. Juu kulia pana anwani ya shule na tarehe. Kushoto pana anwani ya mwandikiwa. Katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula, pameandikwa YAH: KUOMBA RADHI. Kisha mwili wa barua unaanza: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi mwanafunzi wako wa kidato cha tatu naomba radhi kwa kosa nililolifanya, ni shetani alinipitia, naahidi sitarudia tena. Jina, sahihi, basi.

Umbo hilo ni sahihi kabisa. Ndilo linalofundishwa katika somo la Kiswahili kwenye mada ya barua rasmi, na mwanafunzi aliyelifuata amefanya alichofundishwa. Kinachokosekana humo ndani ni kosa lenyewe. Mwalimu anamaliza kuisoma bila kujua mtoto alifanya nini, alifanya lini, kwa nini, na sasa afanyeje na alama alizokwisha kumwandikia. Mara nyingi barua hiyo nayo imenakiliwa kutoka kwa mwenzake aliyeiandika muhula uliopita.

Barua hii ya wazi inazungumzia kosa la aina moja tu: mwanafunzi aliyepewa jaribio akalifanyie nyumbani, akakusanya majibu yaliyotoka kwenye picha ya simu. Ni kosa dogo likilinganishwa na mtihani wa taifa kuvuja. Hakuna polisi anayeitwa wala matokeo yanayofutwa na Baraza la Mitihani. Liko mikononi mwa mwalimu mmoja na mtoto mmoja, na ndiyo sababu barua inayoandikwa baada yake inabeba uzito ambao barua nyingine za shule hazina.

Kwanza picha yenyewe. Shule zetu zimepiga marufuku simu kwa wanafunzi, na wapo walimu wanaodhani marufuku hiyo inatosha. Kwa jaribio la nyumbani haigusi kitu, kwa kuwa picha haihitaji kuvuka geti la shule. Mwalimu anagawa karatasi Ijumaa mchana. Jioni mwanafunzi mmoja, kwa simu ya mama au ya kaka, anaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mtu anayejua, labda mwanafunzi bora wa darasa, labda kaka aliyeko chuoni, labda mwalimu wa tuisheni, anafanya maswali kwenye karatasi, anapiga picha ya majibu, anairudisha. Usiku wa Jumamosi kila mwenye bando ameshaiona. Asiye na simu nyumbani anaikuta Jumatatu asubuhi kwenye daftari la mwenzake, kabla ya kengele ya mstarini. Kinachoingia shuleni ni mwandiko wa mtoto mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe, na mwandiko hauna kosa lolote la kuonekana.

Tuchukue mfano wa jaribio la Fizikia la kidato cha tatu lenye maswali sita. Swali la nne linasema hivi: rezista mbili, moja ya omu 4 na nyingine ya omu 6, zimeunganishwa sambamba kwenye betri ya volti 12, tafuta ukinzani wa jumla na mkondo unaotoka kwenye betri. Hesabu haina ugumu kwa anayeielewa. Rezista zikiwa sambamba, kila moja inapata volti 12 zote. Ya omu 4 inapitisha ampea 3, ya omu 6 inapitisha ampea 2, jumla ampea 5. Ukinzani wa jumla ni volti 12 kugawanya kwa ampea 5, yaani omu 2.4.

Sasa karatasi iliyopigwa picha ilikuwa imekunjwa, na taa ya chumbani ilikuwa hafifu. Tarakimu 6 ikaonekana kama 8. Aliyefanya swali alifanya kwa uaminifu kile alichokiona: omu 4 na omu 8. Ya kwanza inapitisha ampea 3, ya pili ampea 1.5, jumla ampea 4.5. Jibu limetoka safi, halina mkia mrefu wa desimali wa kumshtua mtu. Likasambaa. Jumatatu mwalimu anakusanya karatasi, na jioni akisahihisha anakutana na 4.5 mara ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Kila moja ya karatasi hizo, juu kabisa kwenye swali lililochapwa, ina omu 6.

Hapo mwalimu ana ushahidi, na ni ushahidi wenye nguvu kuliko majibu sahihi yanayofanana. Majibu sahihi hufanana kwa sababu ukweli ni mmoja. Makosa hayana sababu hiyo. Wanafunzi kumi na mmoja wanaokosea kila mmoja kwa akili yake hukosea kwa njia tofauti. Mmoja atajumlisha 4 na 6 kama vile zimeungwa kwa mfululizo apate ampea 1.2. Mwingine atasahau kugeuza sehemu juu chini mwishoni. Wote wakikosea kwa tarakimu moja ambayo haipo kwenye karatasi zao, chanzo ni kimoja. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likitumia hoja hiyo hiyo kwa miaka mingi, likiiita mfanano usio wa kawaida wa majibu. Ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa Baraza lilipotangaza mapema mwaka 2012 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2011 na kufuta ya watahiniwa 3,303.

Lakini ushahidi huo una mipaka, na mwalimu anayeisahau atamwadhibu asiye na hatia. Shule nyingi hazina karatasi za kutosha, kwa hiyo maswali huandikwa ubaoni na wanafunzi kuyanakili. Katika darasa lililojaa, waliokaa nyuma wanaweza wenyewe kusoma 6 kuwa 8. Watano wa dawati la mwisho wakileta 4.5, huenda hawajaona picha yoyote. Njia ya kuthibitisha ni kufungua daftari na kuangalia swali lilivyonakiliwa. Aliyenakili 8 na kufanya hesabu ya 8 alikosea kusoma ubao. Aliyenakili 6 kisha akafanya hesabu ya 8 ameipata 8 mahali pengine. Wapo pia waliokaa pamoja Jumapili kwenye baraza ya nyumba mojawapo huko Yombo au Tandale wakafanya kazi kwa kusaidiana, na kama mwalimu hakusema wazi kwamba kazi ni ya mtu mmoja mmoja, hao hawana kosa la kuliombea radhi.

Dakika tatu za mazungumzo mezani kwa mwalimu humaliza shaka iliyobaki. Mwanafunzi anaonyeshwa karatasi yake na kuulizwa swali moja: hii 8 umeitoa wapi? Kisha anapewa rezista ya omu 3 na ya omu 6, betri ile ile, afanye hapo hapo. Anayejua ataleta ampea 6 kabla mwalimu hajamaliza chai yake. Asiyejua ataonekana, na mara nyingi hatasubiri kuulizwa tena.

Ni baada ya hapo ndipo barua inapaswa kuandikwa. Kuna shule ambazo mpangilio ni kinyume: mtoto anakamatwa, anachapwa, kisha anaambiwa akaandike barua. Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinasema adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kunakili swali la Fizikia kutoka kwenye simu ya mama si jambo ambalo kanuni hizo zililiwekea fimbo. Zaidi ya sheria, barua inayoandikwa mkono ukiwa bado unauma inaeleza jambo moja tu, kwamba mtoto hataki kuchapwa tena. Mwalimu hatapata humo neno lolote la kumsaidia kufundisha.

Barua inayomsaidia inafanana na hii, ambayo imeandikwa hapa kama mfano na haikutoka kwa mwanafunzi fulani:

"Mwalimu, shikamoo. Naandika kuhusu jaribio la Fizikia ulilotupa Ijumaa. Swali la 1, la 2 na la 3 nilifanya mwenyewe. Swali la 4, la 5 na la 6 nilinakili kutoka kwenye picha iliyokuja kwenye simu ya mama Jumamosi usiku. La 4 nilishindwa kwa sababu siku uliyotufundisha rezista sambamba sikuelewa kwa nini mwishoni tunageuza sehemu juu chini, na niliona aibu kuuliza mbele ya darasa. La 5 na la 6 sikujaribu kabisa. Niliona yameshafanywa nikaandika. Sikuangalia hata kama namba za kwenye picha zinalingana na za kwenye karatasi yangu, ndiyo maana nikaleta 4.5. Wewe ulikaa ukasahihisha ukidhani ni kazi yangu. Alama za maswali hayo matatu si zangu, naomba uzifute. Naomba unipe maswali mengine ya namna hiyo niyafanye mbele yako, na kabla ya hapo naomba unielekeze pale kwenye kugeuza sehemu. Naomba unisamehe mwalimu."

Ni fupi kuliko barua nyingi za kuomba radhi, lakini mwalimu akiimaliza ana kazi ya kufanya. Anajua afute alama za maswali gani na abakize zipi. Anajua kwamba swali la nne lilinakiliwa kwa kutojua na la tano na la sita kwa uvivu, na hayo ni mambo mawili yanayotibiwa tofauti. Na anajua kitu ambacho karatasi yenyewe isingemwambia kamwe: somo la rezista sambamba halikuingia, na lilikwama mahali panapojulikana. Barua nne au tano zikitaja mahali pale pale, mwalimu anajua kipindi kijacho aanzie wapi. Aanzie kwenye mkondo, rezista moja moja, ampea 3 na ampea 2, kabla ya kurudi kwenye kanuni ya sehemu, kwa kuwa ukianza na mkondo hakuna cha kugeuza juu chini.

Hapo ndipo barua ya shetani alinipitia inaposhindwa kabisa. Inamtaja mhusika ambaye mwalimu hawezi kumfundisha. Mtoto aliyeandika "sikuelewa, niliona aibu kuuliza" amesema jambo gumu zaidi kwa kijana wa miaka 16 kuliko kuahidi kutorudia, na anastahili kusikilizwa kwa uzito huo.

Liko jambo moja ambalo barua hiyo ya mfano haina, nalo ni majina. Haisemi nani alipiga picha karatasi, nani alifanya maswali, nani aliyarusha. Walimu wa nidhamu wengi huyataka majina hayo kwanza, na inaeleweka kwa nini, kwa sababu aliyepiga picha ana kosa kubwa kuliko aliyenakili swali moja. Hata hivyo barua ya kuomba radhi si mahali pake. Mwanafunzi anaomba radhi kwa alichofanya yeye. Akilazimishwa kutaja wenzake ndani ya barua hiyo hiyo, ataandika kidogo iwezekanavyo, au atamtaja asiyependwa darasani, na mtu aliyetajwa atajulikana mtaani kabla ya jioni. Mwalimu anayetaka kujua picha ilianzia wapi anaweza kuuliza darasa zima kwa siku nyingine na kwa njia nyingine. Mara nyingi hatahitaji hata kuuliza. Aliyefanya maswali ndiye pekee ambaye, pamoja na 8 yake, anaweza kueleza kila hatua.

Na barua isisomwe mstarini. Kuna desturi ya kumsimamisha mwanafunzi mbele ya shule nzima asome barua yake ili iwe fundisho kwa wengine. Fundisho linalopatikana pale ni kwamba ukiandika ukweli utaaibishwa kwa huo ukweli, na barua zote zitakazofuata zitarudi kwenye kichwa cha habari hapo juu. Barua ya aina hii ni mali ya mwalimu wa somo. Nakala ikihitajika kwa mwalimu wa darasa au mzazi, mwanafunzi ajue kabla hajaandika.

Sasa alama. Pengine hapa ndipo walimu wanapotofautiana zaidi: wapo wanaoandika sifuri kwa jaribio zima, wapo wanaosamehe na kuacha alama zilivyo. Njia zote mbili zinaharibu rekodi. Sifuri inasema mtoto hajui maswali matatu aliyoyafanya mwenyewe, na kuacha alama kunasema anajua matatu asiyoyajua.

Inafaa kukumbuka alama hizi zilitoka wapi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi iliamua kwamba mtoto asipimwe kwa mtihani wa siku moja pekee, na mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa katika tathmini yake. Viwango vimebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, lakini wazo limebaki: mwalimu aliyekaa na mtoto ana sauti katika matokeo yake. Vyuoni nako ni hivyo. Mwanafunzi anayetoka hapa kwenda Mlimani, au kwenda Chang'ombe hapo Temeke kusomea ualimu kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, atakuta kazi za muhula kwa kawaida zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Kwa hiyo namba anayoandika mwalimu kwenye daftari lake la alama si yake peke yake. Inapaswa kuwa kweli kwa sababu ilipewa nafasi hiyo kwa kuaminiwa.

Njia iliyo sawa ni ile iliyoombwa kwenye barua ya mfano. Alama za maswali yaliyofanywa kwa haki zibaki. Za maswali yaliyonakiliwa zifutwe, na mwanafunzi apewe maswali mapya yanayopima kitu kile kile, ayafanye darasani, mwalimu akiwa hapo. Kama shule inaona lazima pawe na gharama, maswali ya marudio yahesabiwe kwa nusu. Hilo lisemwe mapema kwa wote, lisitungwe siku ya tukio.

Huko kurudia kuna mfano mkubwa wa kitaifa. Mwaka 2018 mtihani wa darasa la saba ulivuja, na Baraza la Mitihani likafuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa. Baraza halikuwafungia watoto nje ya elimu kwa kosa lililoandaliwa na watu wazima. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo waliketi tena, wakafanya mtihani mpya, na mambo ya watu wazima yakashughulikiwa na vyombo vingine. Ikiwa taifa zima liliweza kupanga mtihani wa marudio ndani ya wiki chache, mwalimu wa Fizikia anaweza kupata robo saa ya kipindi kimoja kwa maswali matatu.

Tofauti nyingine inayostahili kuandikwa kwenye utaratibu wa shule ni ya wakati. Mwanafunzi anayeleta barua Jumatatu mchana, kabla mwalimu hajafungua hata karatasi moja, hayuko sawa na anayeiandika Alhamisi baada ya kuulizwa 8 umeitoa wapi. Wa kwanza alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Huyo apewe marudio kwa alama kamili, bila nusu. Bila tofauti hiyo, hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu atakayejitokeza kabla ya kukamatwa, na shule itakuwa imemfundisha kusubiri.

Mwalimu naye ana sehemu yake katika jaribio lijalo. Maswali yakitoka kwenye pepa za zamani zilizokwisha kufanywa kwenye vitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa kila kituo cha daladala, picha haitahitajika hata kidogo. Na kila mtoto akipewa namba zile zile, jibu moja linatosha darasa zima. Kuna namna rahisi ya kuzuia hilo isiyohitaji karatasi ya ziada. Mwalimu aandike: rezista ya kwanza ni omu 6, ya pili ni tarakimu ya mwisho ya namba yako ya uandikishaji ukijumlisha 3, betri ni volti 12. Mwenye tarakimu 0 ana omu 3 na jibu lake ni ampea 6. Mwenye 3 ana omu 6 na jibu lake ni ampea 4. Mwenye 9 ana omu 12 na jibu lake ni ampea 3. Yote yanatoka kwenye hesabu moja, ampea 2 za rezista ya kwanza ukijumlisha 12 kugawanya kwa rezista ya pili. Mwalimu anaandaa orodha ya majibu kumi na anasahihisha kwa kasi ile ile.

Picha bado itarushwa. Lakini anayeipokea atalazimika kubadili namba, na ili kubadili namba lazima aelewe hatua. Njia hiyo haimzuii kaka wa chuoni kumfanyia mdogo wake kazi nzima, wala haifai kwa swali la kueleza au la kuchora. Kwa hayo, dawa ni kipimo kifupi cha darasani siku ya kukusanya, swali moja tu linalofanana na mojawapo ya yale ya nyumbani. Aliyefanya kazi yake hatalihofia.

Na kabla ya yote hayo, karatasi yenyewe iseme juu yake, kwa sentensi moja, nini kinaruhusiwa: kazi hii ni yako peke yako, au mnaweza kujadiliana lakini kila mtu aandike kwa maneno yake. Jaribio likitoka bila sentensi hiyo, mwanafunzi analazimika kuotea mpaka uko wapi, na anayehukumiwa kwa mpaka aliouotea ana haki ya kulalamika.

Ombi kwenu, walimu, ni la mambo matatu kuanzia muhula ujao. Msipokee barua ya kuomba radhi isiyotaja swali lililonakiliwa na sababu yake. Irudisheni kwa upole, mkimweleza mtoto kinachokosekana. Msimchape wala kumsimamisha mstarini aliyeandika ukweli. Na barua ikishakamilika, mpeni maswali mapya ayafanye mbele yenu, kisha andikeni kwenye daftari la alama kile alichokiweza siku hiyo.